Mtani Alisema Kweli

Pale soko la Mabibo maharage hayanunuliwi kwa macho. Yale yanayong'aa na kukuita kama shanga ndiyo hasa ya kuogopa, kwa sababu wapo watu wasio na haya wanaoyanyunyizia maji njiani ili gunia lizidi uzito kwenye mizani. Mnunuzi anayejua kazi anaingiza mkono mpaka katikati ya gunia, anatoa punje moja, anaiweka kwenye gego, anauma. Ikipasuka kwa mlio, ni kavu. Ikibonyea kama ubani uliotafunwa, mwachie mwenyewe.

Mama Monica alikuwa anaumaga hivyo tangu Monica yuko mgongoni. Jina lake la ubatizo ni Margareta, Mngoni wa Songea, mfupi, mweusi tii, mwenye ulimi ambao hata madalali wa pale sokoni wanauzunguka kwa mbali. Wanunuzi wa migahawa walikuwa hawaangalii gunia; walikuwa wanamwangalia yeye anavyouma. Akitikisa kichwa, wanapita. Akitema punje chini na kusema "haya," wanafungua pochi.

Basi asubuhi moja akauma punje ya soya njano, yale maharage ya manjano, na ikampiga. Maumivu hayakuja alipouma, yalikuja alipoachia. Mshale ulitoka kwenye gego la kulia chini ukapanda mpaka sikioni, akashika shavu na kukaa juu ya gunia la watu bila hodi.

"Vipi, mama, umekuta jiwe?" dalali akauliza.

"Jiwe ni kichwa chako. Pakia."

Akanunua bila kuuma, kwa kukisia. Siku ya pili alipofungua yale magunia, joto likamtokea usoni na harufu ya ukungu juu yake. Maharage yalikuwa mabichi. Mwenye mgahawa wa Manzese, mteja wa miaka mingi, akachota kiganja, akanusa, akarudisha polepole, akaenda meza ya jirani. Kile kitendo cha kurudisha polepole ndicho kilichomuuma Mama Monica kuliko gego lenyewe.

Kwa hiyo akaamua: jino ling'olewe, yaishe. Halikuwa la kwanza. Upande wa kushoto alishang'oa mawili, kila moja kwa wakati wake, katika zahanati moja ambayo siku hizi imegeuka duka la vipodozi. Yalikuwa yanauma hivi hivi, na yote mawili yalitoka meupe, hayana tundu hata la sindano. Mng'oaji alishangaa kidogo, akayatupa. Mama Monica hakushangaa. Alijua sababu: ni maharage. Mtu aliyeuma maharage makavu ujana wake wote atakuwa na meno ya namna gani? Hata ya mbele yalikuwa yamefupika. Zamani alikuwa na mwanya ambao marehemu mumewe, Kornelio, aliusifia mpaka kwa padri siku ya mafundisho ya ndoa. Sasa mwanya upo, lakini meno yaliyoushikilia yamebaki mafupi kama ya mtoto.

Kliniki aliyoelekezwa iko Kinondoni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Daktari mwenyewe ni binti, Ibtisam, wa ukoo wa Kiarabu wa maduka ya zamani ya huko huko, amejifunga mtandio wa kijivu, mikono miembamba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hili hapa. Ng'oa."

"Tuangalie kwanza."

"Nimeshaliangalia mie. Linauma. Ng'oa."

Daktari akacheka, akamlaza kwenye kiti, akawasha taa. Akaangalia muda mrefu, na hakuliangalia gego tu. Akaangalia meno yote, akavuta shavu kwa ndani, akamwambia atoe ulimi. Kisha akaweka vidole vyake viwili pembeni mwa taya, mbele kidogo ya masikio, akamwambia aume kwa nguvu. Nyama ya pale ikafura chini ya vidole, ngumu kama mkono wa mbeba mizigo. Akampa kijiti chenye kichwa cha mpira aume juu ya gego. Akauma, kimya. Akaachia, akaruka.

"Lina ufa," daktari akasema. "Halijaoza, mama. Limepasuka kidogo, na ufa bado haujafika kwenye mzizi. Ukiuma ule ufa unafunguka, ukiachia unajifunga, ndipo linakupiga." Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Nyumbani unalala na nani?"

Mama Monica akainuka kwenye kile kiti, na kitambaa cha kifuani kikiwa bado kinaning'inia.

"Ati nini?"

"Unalala na nani chumbani, mama."

"We mtoto! Mie mjane! Nimekuja kung'oa jino, unaniuliza wanaume?"

"Mama, sina maana hiyo—"

"Mama yako anajua unauliza watu wazima maswali haya?"

Nje kwenye benchi watu wakanyamaza ili wasikie vizuri. Daktari Ibtisam akawa mwekundu mpaka kwenye ncha ya pua, lakini hakurudi nyuma. Akasema, "Nataka mtu anayekusikia ukiwa usingizini. Nadhani unasaga meno."

Hapo ndipo ikawa mbaya zaidi. Kusaga meno! Kwao kusaga meno ni habari ya watoto wenye minyoo, au ya mtu mwenye jambo lake kichwani ambalo halisemwi mbele ya wageni. Mtu mzima, mama wa kanisa, kiongozi wa jumuiya, asage meno? "Mie nimeuma maharage maisha yangu yote," akasema. "Ndiyo yaliyonila meno. Usinitafutie mashetani."

Daktari akamletea kioo cha mkononi. "Njoo uone mwenyewe, kisha unitukane vizuri."

Mama Monica akashika kioo kwa sababu ya ubishi tu.

"Maharage unayaumia wapi?"

"Hapa, gego la kulia."

"Basi yangekula hapo tu. Yangevunja kipande hapo, meno mengine yakabaki na urefu wake. Sasa tazama mbele. Meno ya mbele hujawahi kuumia maharage, na ndiyo mafupi kuliko yote. Yamekatika sawasawa, kama yamepigwa randa. Tazama haya ya chini: ukingo una mstari wa njano katikati. Ganda jeupe la nje limeisha, huo ni mwili wa ndani wa jino, laini zaidi, ndiyo maana umebonyea kama kisahani. Na chonge zako? Chonge ina ncha. Zako ziko wapi ncha?"

Mama Monica akatafuta ncha za chonge zake. Hazikuwapo. Pale palipokuwa na ncha palikuwa na uwanda mdogo unaong'aa.

"Sasa peleka taya la chini kulia. Polepole. Endelea. Simama hapo hapo."

Akasimama. Na kwenye kioo akaona jambo ambalo halikumpendeza: uwanda wa chonge ya juu ulikuwa umekaa juu ya uwanda wa chonge ya chini, sawasawa, kama mfuniko na sufuria yake. Hapakuwa na nafasi hata ya uzi.

"Hapo mtu hatafunii chakula," daktari akasema. "Ni mbali mno pembeni. Meno yako yamefikaje huko mpaka yakachongana yakalingana? Chakula cha uchachu kingeyala hovyo, yasingelingana hivi. Mswaki ungeyala shingoni, karibu na fizi. Haya yamelana yenyewe kwa yenyewe. Na ndani ya shavu una mstari mweupe, ulimi wako pembeni una mawimbi ya alama za meno. Asubuhi ukiamka taya linakuwaje?"

Taya lilikuwa linaamka limechoka kama lilikuwa shamba. Na kichwa, hapa kwenye vipaji vya uso. Kila asubuhi alikuwa anajipaka dawa ya kuchua na kusema ni mawazo ya ujane. Lakini hayo hakumwambia daktari.

"Ng'oa, au nitakwenda kwingine."

"Sing'oi jino linaloweza kupona. Nikiling'oa hili, mzigo wote unahamia linalofuata, nalo litapasuka. Umebakiwa na upande mmoja wa kutafunia, mama. Nenda. Muulize mtu yeyote aliyewahi kulala karibu yako. Akisema husagi, rudi, mie mwenyewe nitakutafutia wa kuling'oa."

Akateremka zile ngazi anaongea peke yake. Amuulize nani? Monica ameolewa Tabata, na tangu darasa la kwanza alikuwa analala chumba cha uani na bibi yake, ambaye naye ameshakwenda. Aliyelala karibu yake ni mmoja tu, na huyo yuko makaburini chini ya msalaba aliouchonga mwenyewe kabla hajaugua, akisema mafundi wa misalaba wa siku hizi wanaweka misumari pasipo na haja.

Usifikiri Kornelio alikuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa fundi seremala, na maneno aliyapima kama ubao. Walipoanza maisha walipanga chumba kimoja, nyumba ya Mzee Jabiri, na kitanda alikitengeneza ndani ya chumba hicho hicho kwa sababu kikubwa kisingepita mlangoni. Walipohama ilibidi akivunje. Mama Monica alilia, Kornelio akamwambia, "Nitakupa kingine," akampa. Ndicho alichonacho hadi leo. Enzi hizo Mabibo jioni ilikuwa na harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi na vumbi la mbao la mumewe, ambalo lilikuwa linamfuata mpaka kwenye chai. Wakimaliza kula, redio inawekwa dirishani ili na majirani wasikie. Hakuna aliyekuwa na kitu, na kila mtu alikuwa na muda. Asubuhi Kornelio anamkuta mkewe anakanda mashavu, anamtazama, anatabasamu, anachukua msumeno anaondoka. Mama Monica alikuwa anaonaga ni tabasamu la mapenzi. Na lilikuwa la mapenzi. Lakini sasa, anashuka ngazi za Kinondoni, likamjia swali: alikuwa anacheka nini?

Likamjia na jibu, katikati ya barabara, na likamsimamisha mpaka bodaboda ikampigia honi.

Matanga ya Kornelio! Watani walikuja, Wahehe, kama ilivyo kwa Wangoni wakifiwa. Nani asiyewajua watani msibani? Wanalala kaburini wasitoke mpaka wapewe kitu, wanaficha sufuria za wali, wanamkejeli marehemu mbele ya mjane wake, na mjane akikasirika ndiyo anazidishiwa. Mkuu wao alikuwa Nikodemu, muuza viazi wa hapo hapo sokoni, rafiki wa marehemu wa kahawa ya asubuhi. Alivaa aproni ya Kornelio, akachomeka penseli sikioni, akatembea vile vile Kornelio alivyokuwa anatembea, bega moja chini. Watu wakaanza kucheka na machozi. Kisha akajilaza kwenye mkeka kama mtu aliyelala kitandani, akaziba masikio, akasema kwa sauti ile ile nzito ya marehemu: "Jamani, mke wangu ana mashine ya kusaga! Usiku anasaga, mchana anasaga wateja! Nimeoa kinu!" Uwanja mzima ukalipuka. Hata Mama Monica mwenyewe alicheka chini ya kanga yake, kwa mara ya kwanza tangu mauti yamfike mumewe. Akajua anasemwa ulimi wake. Nani asingejua hivyo? Mtani hasemi kweli. Mtani anasema utani. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo alivyoyazika maneno yale pamoja na matanga.

Kesho yake hakufungua meza. Alikwenda moja kwa moja upande wa viazi.

Nikodemu alikuwa amekaa juu ya gunia la lumbesa lililojazwa kupita mdomo, miguu inaning'inia, anakula muhindi wa kuchoma kwa meno marefu meupe ambayo Mama Monica aliyachukia ghafla.

"Kamwene, Mhehe," akamsalimia kwa Kihehe.

"Kumekucha! Mngoni kaja mwenyewe. Leo panya wa kula wamekwisha kwenu Wangoni, mmefuata viazi?"

"Sina utani leo, Nikodemu."

"Mtani akisema hana utani, ujue kafilisika. Kaa. Vipi shavu? Umepigwa?"

"Nataka kukuuliza kitu, unijibu kama mtu."

"Kama mtu siwezi, mie Mhehe. Niulize kama nilivyo."

Akavuta gunia tupu akakaa. Ilimchukua muda kupata pa kuanzia, na yeye si mtu wa kutafuta pa kuanzia. "Matanga ya Kornelio. Ulilala mkekani ukasema nina mashine ya kusaga."

"Nilisema. Na nilikosea, si mashine, ni kiwanda."

"Ulitunga?"

Nikodemu akatafuna, akamtazama kwa jicho moja. "Swali gani hilo? Mtani haulizwi katunga au hakutunga. Ukitaka mtani aseme kweli, unampa kitu."

"Unataka nini?"

"Maharage. Yale ya kwako, si haya uliyouza wiki iliyopita. Habari zimefika huku, Mngoni umeuza tope."

Ilimchoma, akameza. Akaenda mezani kwake, akarudi na bakuli la maharage yaliyobaki ya zamani, makavu, mazuri, akayamwaga kwenye kofia ya Nikodemu. Jamaa akatumbukiza kiganja, akayasikiliza yanavyogongana, na kitu usoni kwake kikatulia.

"Sikutunga," akasema. "Yale aliyasema mwenyewe, pale kwenye kahawa, si mara moja. Mie nilichofanya ni kuyaweka kwenye mwili."

"Alisema nini hasa?"

"Alisema, mke wangu analala kama kawaida, kisha meno yanaanza, kwerere, kwerere, kama mtu anaburuta meza ya chuma kwenye saruji. Sie tukamwambia mpe dawa ya minyoo. Akasema hapana. Akasema akikuwekea kiganja hapa," Nikodemu akagusa taya lake, na mkono wake wa viazi ukawa mpole ghafla, "unanyamaza. Kisha unaanza tena, naye anaweka tena. Tukamuuliza, sasa mwenzetu unalala saa ngapi? Akasema amezoea. Alisemaga akiwa safarini kwa ajili ya mbao, kule kwenye gesti, usingizi haumjii. Kimya kilikuwa kinamkera."

Makuli walipita na mizigo wakipiga kelele "nyuma! nyuma!" Mama Monica akavuta miguu bila kuwatazama.

"Mbona hakuniambia?"

"Angekwambia wewe? Kwa ulimi huo? Alisema ukijua utaanza kulala macho kwa aibu, au utahamia kwa mama yako chumba cha uani. Akachagua kunyamaza." Nikodemu akarudisha muhindi mdomoni. "Haya, nimeshasema kweli, nimeumwa tumbo. Niongezee maharage."

"Ukalale njaa, mla mbwa wee," Mama Monica akasema, lakini akiwa ameshaondoka, na sauti ilikuwa haina meno.

Alilia nyuma ya magunia yake, haraka, kama mtu anayemaliza kazi. Alimlilia Kornelio na kile kiganja, na alimkasirikia pia, tena sana. Mapenzi gani ya kumficha mtu mwili wake? Angesema, yale mawili ya kushoto pengine yangekuwapo. Kisha akajiuliza angemjibu nini siku hiyo, enzi zile, angali kijana na mwanya wake na kiburi chake. Angehamia chumba cha uani. Kornelio alimjua vizuri.

Daktari Ibtisam alipomwona mlangoni akasimama kabisa, labda kwa kujihami.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeulizia. Nasaga."

Daktari hakuuliza ameulizia wapi. Akamkalisha.

"Ni minyoo?"

"Hapana, mama. Wala si shetani. Ubongo ukiwa usingizini unaamsha misuli ya taya, na mwenyewe hujui. Mawazo yanaweza kuongeza, usingizi mbaya unaweza kuongeza, na wengine ni ya ukoo. Sina dawa ya kukuzuia kabisa, nisikudanganye. Ninachoweza ni kuyalinda meno yasiendelee kulana."

"Yaliyoliwa yatarudi?"

"Hayaoti tena. Tunalinda yaliyobaki."

Hilo alilielewa. Ni lugha ya mtu mwenye ghala lililoingia maji: huhesabu yaliyooza, unaokoa yaliyo makavu.

Kwanza gego lenye ufa lilichongwa kidogo pande zote na kuvishwa kofia ya chuma iliyolishika lisifunguke. Lilipotulia, daktari akamjazia kinywa uji mzito wa rangi ya waridi kwenye kibakuli cha umbo la taya. Ukaganda kama ugali uliosahauliwa, ukachomolewa na alama za meno yote, juu na chini. Ndani yake ikamwagwa plasta. Mama Monica alipoonyeshwa meno yake ya plasta yamesimama mezani, meupe, mafupi, akayatazama kama anavyotazamwa ndugu aliyeonekana mara ya mwisho akiwa mnene.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo hayo."

"Masikini."

Juu ya plasta hiyo fundi wa kliniki akatengeneza kinga: plastiki ngumu, angavu kama glasi, ya kuvaa meno ya juu wakati wa kulala. Mama Monica alitegemea kitu laini, kama godoro. Daktari akamwambia laini inamshawishi msagaji aitafune. Hii ngumu meno ya chini yanateleza juu yake. Akamvisha. Ikakaa kwa kubana kidogo, ikalia tik.

Kisha ikaja kazi ambayo Mama Monica aliipenda, kwa sababu ilikuwa kazi ya kupima. Daktari aliweka karatasi nyembamba ya rangi ya buluu kati ya kinga na meno ya chini. "Uma. Gonga. Sasa peleka kulia. Kushoto." Akaitoa kinga. Ilikuwa na madoa ya buluu, mengine mazito, mengine hayapo. Pale doa lilipokuwa zito, akapasugua kwa kimashine kidogo, akamvisha tena, akaweka karatasi tena. Ilirudiwa hivyo mpaka madoa yakawa yanalingana pande zote.

"Ukiuma sasa, kila jino la chini linagusa kwa wakati mmoja," daktari akasema. "Mzigo unagawanyika, hakuna linaloonewa. Ukipeleka taya pembeni, chonge inapanda kwenye hiki kilima kidogo hapa mbele na kuyaachanisha ya nyuma. Usiku ukisaga, utasaga plastiki. Yenyewe ndiyo itakayolika."

"Italika?"

"Ndiyo kazi yake. Ikiisha tunatengeneza nyingine. Jino halitengenezwi." Akamsisitizia: aisugue kwa mswaki na maji ya baridi, aiweke kwenye kijaluba chake, na maji ya moto asiisogelee nayo kabisa, yataipinda isivalike. "Na maharage, mama. Usiume tena maharage."

"Unataka nife njaa?"

"Sitaki uume."

Wakaachana hapo, kila mmoja na msimamo wake. Lakini Mama Monica alikwenda nyumbani akatafuta njia. Kuna bibi mmoja wa Namtumbo aliyewahi kumwonyesha: chupa kavu, chumvi kavu, punje kiganja kimoja, unafunga unatikisa, unaacha kidogo. Chumvi ikishika kwenye kioo, mzigo una maji. Ikianguka chini yote, ni mkavu. Aliidharau njia hiyo miaka yote kama ya watu wasio na meno. Sasa akaja nayo sokoni mchana kweupe. Madalali wakacheka: "Mama Monica kawa mganga, anatikisa chupa!" Akawajibu yanayowafaa. Wateja walichelewa kuizoea, lakini wakazoea, na yule wa Manzese akarudi. Hakusema kwa nini alikwenda, wala hakuulizwa.

Usiku wa kwanza na kinga alijisikia mjinga, mate yamejaa, maneno yanateleza, na hakuna mtu wa kumcheka. Akaitoa, akairudisha. Baada ya muda akawa hawezi kulala bila hiyo. Asubuhi moja aliamka, akanyoosha mkono kuchukua dawa ya kuchua, akashangaa kwa nini anaichukua. Kichwa hakikuwa kinauma.

Aliporudi kliniki kukaguliwa, daktari aliinua kinga kwenye mwanga akamwonyesha. Ilikuwa na njia. Michirizi myembamba iliyopauka, imepinda kwenda kulia, mingine kushoto, na pale mbele uwanda mdogo ulioanza kuchongeka.

"Bado nasaga?"

"Unasaga kama zamani, mama. Lakini tazama." Akamwekea kioo. Akaleta na yale meno ya plasta, akayaweka pembeni. Meno ya kinywani na ya mezani yalikuwa na urefu ule ule. Hakuna kilichopungua.

Mama Monica alipitisha kidole kwenye ile michirizi. Yote hii mtu mmoja alikuwa anaisikiliza gizani, miaka nenda rudi, na asubuhi anachukua msumeno. Akaomba asipigwe polishi, njia zibaki. Daktari akasema atalainisha palipo na ncha tu, kwingine ataacha.

Jioni hiyo akampigia Monica simu, akauliza habari za wajukuu, habari za kazi, kisha bila kubadilisha sauti:

"Mumeo yupo?"

"Yupo, anakula. Kuna nini?"

"Muulize kama unasaga meno usiku."

"Mama! Ndiyo nini?"

"Daktari anasema mengine ni ya ukoo. Muulize."

"Nimuulize mwanaume wa watu maswali hayo? Nisage meno mie, nina minyoo?"

"Monica, muulize."

Upande wa pili ikasikika simu inafunikwa kifuani. Na kabla Monica hajafungua kinywa, sauti ya Anwar mkwewe ikasikika kutoka mbali, imejaa wali na hofu:

"Mama, mie sikutaka kumwambia!"

"Umejuaga?" Monica akamgeukia kwa ukali. "Umejuaga tangu lini?"

"Usimgombeze," Mama Monica akasema. "Na wewe mkwe, usinyamaze tena, unasikia? Huko kunyamaza kwenu kunakula meno. Jumatatu mnakutana na mie Kinondoni, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vitambaa. Na Monica, daktari akikuuliza unalala na nani, usimtukane. Ni swali la kazini."